Mbuni, mibuni, wabuni

Leo nataka tuifanye pamoja kazi inayowakuta walimu, wahariri wa kamusi na, siku hizi, vijana wanaotengeneza programu za kompyuta za kusahihisha tahajia. Umepewa orodha ya nomino zote zikiwa katika umoja, neno moja kila mstari, nawe unatakiwa ujaze pembeni wingi wa kila neno. Zikiwa nomino ishirini utazijaza kwa kichwa huku unakunywa chai. Zikiwa elfu kumi utahitaji kanuni zilizoandikwa wazi, kanuni ambazo mashine itazifuata bila kurudi kukuuliza. Kuziandika kanuni hizo si kazi nyepesi, hata kwa mtu aliyezaliwa ndani ya Kiswahili, na leo nitajaribu kueleza kwa nini, na nini cha kufanya.

Wengi huanza na herufi za mwanzo wa neno. Likianza na ki-, toa ki- uweke vi-: kisu, visu, kijiko, vijiko. Likianza na ch- na irabu ikafuata, weka vy-: chakula, vyakula; cheti, vyeti; chumba, vyumba. Kanuni hii ina nguvu kwelikweli. Imewavuta hata wageni. Kitabu ni neno lililotoka Uarabuni, na huko kwao hiyo ki si kiambishi, ni sehemu ya neno lenyewe. Lakini masikio ya Waswahili yalilisikia kama kisu na kijiko, wakasema vitabu, na leo hakuna anayeshangaa. Kiberiti kikafuata njia hiyohiyo, tukapata viberiti.

Sasa iachie mashine kanuni hiyo peke yake uone. Chui watakuwa vyui. Chupa zitakuwa vyupa. Kiu itakuwa viu, na chungwa litakuwa vyungwa badala ya machungwa. Kasoro hizi zina dawa nyepesi: unazikusanya katika jedwali dogo la maneno ya pekee, na unaiamuru mashine ilitazame jedwali hilo kwanza. Neno likipatikana humo, wingi wake uchukuliwe humohumo. Lisipopatikana, ndipo kanuni ifanye kazi. Utaratibu huo, maneno ya pekee kwanza na kanuni baadaye, ushike tangu mwanzo, maana ukiugeuza kanuni itakuwa imekwisha kuharibu neno kabla jedwali halijafikiwa.

Kwa upande wa ki- na ch- tumepona. Tatizo zito liko kwenye herufi m, na sitalipita haraka.

Chukua neno hili: m, b, u, n, i. Limeandikwa kwenye mstari wa orodha yako, halina maelezo yoyote. Wingi wake ni nini? Kama ni yule ndege mkubwa asiyeruka, anayekimbia katika mbuga zetu, wingi wake ni mbuni vilevile: mbuni mmoja, mbuni wawili. Kama ni mti wa kahawa, ule unaozaa buni kule Kagera na kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wingi wake ni mibuni. Na kama ni mtu anayebuni, tuseme mbuni wa mavazi, wingi wake ni wabuni. Herufi ni tano zilezile, na majibu ni matatu, yote sahihi. Hakuna kanuni ya herufi duniani itakayokutoa hapo.

Kwa kuwa tuko redioni, naweza kukusikilizisha jambo ambalo karatasi haionyeshi. Nikimtaja ndege nasema mbu-ni, silabi mbili, m na b zikitoka kwa pumzi moja. Nikiutaja mti au nikimtaja mtu nasema m-bu-ni, silabi tatu, ile m ikisimama peke yake. Inaposimama peke yake, ujue ni kiambishi, na katika wingi itabadilika. Inapoungana na konsonanti inayofuata, ni sehemu ya neno na haitaondoka. Jaribu na mengine. Mbegu, mboga, mbuzi, mvua: m imeungana, na umoja ni sawa na wingi. M-bunge, m-buyu, m-vulana, m-vuvi: m imejitenga, nasi tunasema wabunge, mibuyu, wavulana, wavuvi. Mtoto wa miaka minne analijua hili bila kufundishwa. Tahajia yetu ndiyo isiyolionyesha, na kompyuta inasoma tahajia tu.

Hata sikio, hata hivyo, lina mpaka wake. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Neno likiwa fupi sana, kama mbwa, mbu au mvi, hakuna silabi nyingine ya kuubeba mkazo isipokuwa hiyo m. Basi m inasimama peke yake katika mbwa kama inavyosimama katika mtu na mti, ingawa mbwa hana wingi wa wa- wala wa mi-. Kwa hiyo maneno hayo mafupi yanaingia moja kwa moja kwenye jedwali la maneno ya pekee. Hayako mengi.

Na ukishajua kwamba m ni kiambishi, bado hujamaliza, kwa sababu mtu anatoa watu na mti unatoa miti. Utaambiwa: chenye uhai wa kutembea kipe wa-, kisichokuwa nao kipe mi-. Ni kanuni nzuri, na mara nyingi itakufikisha. Lakini mtume wingi wake ni mitume. Mungu, wakitajwa wengi wanaoabudiwa na watu mbalimbali, ni miungu. Mzimu ni mizimu. Tunasema mitume walikuja, kwa upatanisho wa watu, huku kiambishi kikibaki kile cha miti.

Hapa ndipo wengi waliosoma ngeli shuleni hujikwaa, na naomba nipatulie. Tulifundishwa kuziita ngeli kwa viambishi vya upatanisho: A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA, I-ZI, U-ZI. Majina hayo yanakueleza kitenzi kitabebaje alama ya nomino. Hayakuelezi nomino yenyewe itageukaje. Mtu, kijana, simba, waziri na mtume wote wako A-WA: anakuja, wanakuja. Wingi wao ni watu, vijana, simba, mawaziri na mitume. Katika ngeli moja ya upatanisho umepata maumbo matano ya wingi. Ukiiambia mashine kwamba kila nomino ya A-WA ichukue wa-, utapata wajana na wawaziri. Nimeviona vitu vya namna hiyo katika mazoezi yaliyochapwa, na mwanafunzi anayeyasoma hana jinsi ya kujua kwamba kosa ni la orodha.

Kwa hiyo orodha haiwezi kuwa na safu moja. Kila nomino inahitaji mambo mawili yaandikwe mbele yake: umbo lake la wingi linaanzaje, na linapatana vipi na kitenzi. Waliotunga Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotolewa na TUKI kwa mara ya kwanza mwaka 1981, walilijua hilo. Ukifungua kamusi hiyo utaona baada ya nomino kuna nm, kisha kiambishi cha wingi kama kipo, kisha upatanisho ndani ya mabano ya mraba.

Wanaisimu wana njia nyingine ya kuandika jambo hilohilo, nami naiona inafaa zaidi kwa mashine. Ni namba. Mwaka 1862 Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyefanya kazi Afrika Kusini, alizipa ngeli za lugha za Kibantu namba, na baadaye Carl Meinhof akaendeleza. Umoja una namba yake na wingi una yake, na kila nomino inabeba jozi. Mbuni mtu ni 1 na 2. Mbuni mti ni 3 na 4. Mbuni ndege ni 9 na 10. Kisu ni 7 na 8, tunda ni 5 na 6. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeunda mfumo wa kuchambua Kiswahili kwa kompyuta uitwao SALAMA, alilazimika kuingiza nomino pamoja na ngeli zake. Mashine haikuachiwa ikisie. Nawe ukipewa orodha tupu, kazi yako ya kwanza ni kuzijaza hizo jozi, na neno kama mbuni uliandike mistari mitatu, kila maana na mstari wake.

Jozi zikishakuwepo, kanuni zinaanza kutii. Zinabaki pembe chache za sauti. Irabu zinapokutana, lugha hufanya mambo mawili tofauti: mwizi anatoa wezi, lakini mwimbaji anatoa waimbaji. Mwalimu ni walimu, wala si waalimu, ingawa zamani wengi waliandika hivyo. Na yako maneno yanayogeuka sehemu mbili kwa pamoja: mwanamke, wanawake, mwenyekiti, wenyeviti. Usidhani kila neno la mwana- linafanya hivyo, maana mwanachama ni wanachama tu. Haya yote ni ya jedwali.

Upande wa jicho nao una watoto wake wakaidi. Jina linabaki na ji- yake, tunasema majina. Jicho linaidondosha: macho. Jiwe, mawe. Jino na jiko yanaidondosha kisha a na i zinaungana: meno, meko. Ni machache, yaandike, endelea.

U ndiyo inayonifurahisha kuliko zote, kwa sababu ina utaratibu mzuri kwa anayeutafuta. Chukua maneno yanayoanza na u- yenye wingi wa namba 10. Kwanza hesabu silabi zinazobaki ukiondoa u. Ikibaki moja tu, usiiondoe u, tanguliza ny-. Uso, nyuso. Ufa, nyufa. Uzi, nyuzi. Zikibaki mbili au zaidi, ondoa u, kisha tazama herufi iliyokaa mbele. Ikiwa b, inatanguliwa na m: ubao, mbao, ubavu, mbavu. Ikiwa d, inatanguliwa na n: udevu, ndevu. Ikiwa l, inageuka nd: ulimi, ndimi. Ikiwa k, f, p, t au s, hakuna kinachoongezwa: ukuta, kuta, ufunguo, funguo, ukurasa, kurasa. Na pale ambapo u imekutana na irabu ikawa w, toa w uweke ny-: wimbo, nyimbo, wembe, nyembe, wakati, nyakati. Hata waya, neno lililoletwa na umeme, limepita mlango huohuo: leo mafundi wanasema nyaya.

Ona lakini kwamba nilianza kwa kusema yenye wingi wa namba 10. Bila jozi, mashine itachukua ugonjwa ikatoa gonjwa, kumbe ni magonjwa, 11 na 6. Itachukua uwanja na kutoa kitu kingine kabisa, wakati sisi tunasema viwanja. Itachukua uhuru na uzuri na kuzitafutia wingi ambao haupo. Na neno ua litaisumbua kama mbuni: ua la bustanini ni maua, ua wa nyumba ni nyua.

Sasa nifike kwenye zile nomino zisizobadilika, maana ndizo zinazoharibiwa zaidi, na zinaharibiwa kwa uzembe mdogo tu: mtu anaacha nafasi tupu. Anafika kwenye nguo, anaona wingi ni nguo vilevile, haandiki kitu, anaruka mstari. Anafika kwenye sukari, anaona haina wingi, anaacha tupu. Anafika kwenye neno asilolijua, anaacha tupu akikusudia kuuliza kesho. Mwezi ukipita, nafasi tatu tupu zina maana tatu, na hakuna mtu, hata yeye mwenyewe, anayeweza kuzitofautisha.

Basi nguo iandikiwe nguo. Wingi wake upo, ni kamili, na unajionyesha kwenye sentensi: nguo hii imelowa, nguo hizi zimelowa. Simba huyu amelala, simba hawa wamelala. Barua hii imefika, barua hizi zimefika. Umbo la nomino limetulia, lakini maneno yote yanayoizunguka yamehama kutoka umoja kwenda wingi. Mashine isiyoandikiwa hivyo itashindwa baadaye kutunga hata sentensi nyepesi, maana itadhani nguo haina wingi na kwa hiyo haina hizi.

Sukari ni jambo jingine. Sukari hii imemwagika, naam. Lakini ukimwaga gunia zima bado ni sukari hii, hatuhami kwenda zimemwagika. Vivyo hivyo chumvi na kiu. Hizi ziandikiwe alama ya wazi ya kwamba hazina wingi. Neno hapana linatosha. Utanikumbusha kwamba hotelini mtu huagiza chai mbili. Ni kweli, na kinachohesabiwa hapo ni kikombe. Mimi chai naiandikia hapana, na hiyo ya hotelini naiweka kwenye maelezo.

Kuna kundi la tatu linalojificha ndani ya ma-. Maji, mafuta na maisha yako namba 6 siku zote, hayana umoja wa kutoka, na ukimkuta mtu ameyaweka kwenye orodha ya umoja, jozi yake ni 6 peke yake. Maziwa ya ng'ombe yamo humo pia. Lakini maziwa tunayovulia samaki yana umoja, ziwa. Kinyume chake, maktaba, mahakama, mashine na maabara yanaanza na ma- na bado ni umoja: maktaba hii imefungwa, maktaba hizi zimefungwa. Yako pamoja na nguo na barua. Mtu anayedhani kila ma- ni wingi atayatupa nje ya orodha yake, na mashine isiyokuwa na jozi itaandika mamaktaba.

Kwa maneno mapya yanayoingia kila siku, kama neno si la mtu na halianzi na ki-, ukikisia kwamba halibadiliki utapatia mara nyingi: kompyuta, simu, redio, benki. Likiwa la mtu mwenye kazi au cheo, elekea ma-: madaktari, madereva, makocha. Lakini ni makisio tu. Askari ni mtu mwenye kazi na habadiliki. Gari na basi si watu, na wingi wake ni magari na mabasi, wakati treni imebaki treni. Mitaani utasikia pia mashule na mabenki. Sioni sababu ya kuwagombeza wanaosema hivyo, lakini katika safu ya wingi naandika shule na benki, na hayo mengine nayapa safu yake ya matumizi ya mazungumzo, ili programu ya kusahihisha iyatambue inapoyakuta bila kuyatoa yenyewe.

Ukimaliza, usiisome orodha kwa utaratibu wa umoja. Ipange upya kwa alfabeti ya wingi. Makosa yatajikusanya yenyewe: mamaktaba itasimama peke yake, vyui na vyupa zitakaa jirani, wabwa utawaona mara moja. Utaona pia maneno yanayogongana bila kosa, kama panga, ambayo ni wingi wa upanga na papo hapo ni umoja wa mapanga, hayo yaache. Halafu chukua zile zisizobadilika, na hizi tu, uzipitie moja moja kwa sauti ukiweka hii na hizi, au huyu na hawa. Ulimi ukikataa hizi, hiyo ni ya kundi la sukari na imekosewa safu. Ulimi ukisitasita, muulize mtu wa pili na wa tatu kabla ya kuandika. Mimi neno ninalosumbuka nalo zaidi ni makala: wapo waandishi wazuri wanaosema makala haya na wapo wanaosema makala hizi. Nimelipa 9 na 10, makala hii na makala hizi, nikaandika pembeni kwamba upatanisho wa namba 6 nao unatumika.